Barua ya "kazi nyepesi": kilo ngapi, saa ngapi, mpaka lini

Cheti cha kliniki kinapogusa habari ya kazi, mara nyingi huishia kwenye maneno mawili matatu: "apewe kazi nyepesi". Mama mjamzito anakipeleka ofisini, afisa utumishi anakihifadhi kwenye faili, na msimamizi wa zamu anapewa taarifa kwa mdomo. Kuanzia hapo kila mmoja anaamua mwenyewe nyepesi ni ipi. Msimamizi wa asubuhi anamhamishia mezani. Wa jioni anamwambia afagie, maana kufagia anakuona ni mapumziko, ingawa sakafu yenyewe ina maji na utelezi. Wiki ya tatu mzigo unaingia kwa wingi, watu hawatoshi, na mama anaambiwa, "Dada, kwa leo tu, tusaidie." Hakuna aliyekusudia mabaya, na hakuna aliyevunja agizo, kwa sababu agizo lenyewe halikusema kitu.

Dawa ya hali hiyo ni barua. Ni barua ambayo mwajiri anamwandikia mfanyakazi wake mjamzito baada ya kuipima kazi yake, na ndani yake anataja kwa vipimo nini kimesimamishwa, nini kinaendelea, kwa malipo gani na mpaka tarehe ipi. Waajiri wengi nchini Tanzania hawajawahi kuiandika, na wafanyakazi wengi hawajui kwamba wanaweza kuiomba.

Msingi wake upo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 33, ambacho wengi wanakijua kwa sababu ya likizo ya uzazi, kinamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mjamzito, au mama anayenyonyesha, afanye kazi iliyo hatari kwa afya yake au ya mtoto. Neno "kumruhusu" lina uzito, kwa kuwa mwajiri hawezi kujitetea kwamba mama mwenyewe alikubali. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba ikiwa kazi anayoifanya ni hatari, mwajiri ampe kazi nyingine inayofaa, inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Hiyo "inapowezekana" inahusu kumpatia kazi mbadala. Haikuambatanishwa na katazo la kumwacha kwenye hatari, jambo ambalo mameneja wengi hulisoma kinyume.

Lakini mwajiri hawezi kujua kazi ni hatari kwa mtu fulani bila kwenda kuiangalia. Hapo ndipo tathmini ya hatari inapoanzia. Tuchukue mfano wa kiwanda cha kuchakata samaki pale Mwanza, kwa kuwa kazi ya minofu ya sangara ina karibu kila kitu kinachomsumbua mjamzito: mizigo, kusimama, baridi, maji sakafuni na zamu za usiku. Mama wa mfano wetu ana mimba ya wiki 16, afya yake ni njema, na kazi yake ni kusafisha minofu mezani. Ukimuuliza afisa utumishi, atakwambia mama huyu anakata samaki kwa kisu. Ukisimama kando ya meza yake kwa saa moja, unaona kitu kingine.

Kabla ya kukata, anavuta kreti ya plastiki kutoka kwenye rundo lililo sakafuni, anainama, anainyanyua na kuimwaga mezani. Kiwanda cha samaki hakikosi mizani, hivyo kreti ipimwe ikiwa na minofu na barafu yake kama inavyobebwa. Tuseme inatoka kilo 22. Kisha zihesabiwe: kreti 15 kwa saa. Kwa zamu ya saa nane hizo ni kreti 120, yaani kilo 2,640 zilizonyanyuliwa kutoka sakafuni na mtu ambaye kwenye karatasi ni mkataji. Kupima na kuhesabu namna hii ndiyo tathmini yenyewe, na haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Inamhitaji msimamizi, mwakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi, na mama mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba saa kumi jioni, troli zikipungua, kreti hubebwa kwa mkono hadi kwenye mizani.

Je, kilo 22 ni nyingi? Sheria ya Tanzania haikutaja kilo za mjamzito. Mwongozo ninaouona wa maana zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2013 na watafiti waliotumia hesabu za NIOSH, taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayotafiti usalama kazini. Umewekwa kwa mimba isiyo na matatizo, na unagawanya ujauzito kwenye wiki ya 20. Kwa mtu anayenyanyua kitu mara chache, si zaidi ya mara moja kila dakika tano, kikomo ni kama kilo 16 kabla ya wiki ya 20 na kilo 12 baada ya hapo. Kwa anayenyanyua kwa kurudiarudia zaidi ya saa moja kwa siku, kikomo kinashuka hadi kilo 8, kisha kilo 6. Vipimo hivyo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili. Mwongozo haupendekezi kabisa kunyanyua kutoka chini ya nusu ya muundi wala juu ya kichwa.

Sababu ya vikomo hivyo iko mwilini. Homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia nyonga na mgongo, na tumbo linapokua linausukuma mzigo mbali na uti wa mgongo. Kreti ileile ya kilo 22, ikisogezwa mbele ya mwili kwa urefu wa kiganja, inaulemea mgongo kuliko ilivyokuwa mwezi wa pili. Kitovu cha uzito nacho kinahama, hivyo kuteleza ambako zamani mtu alikuwa akijishika kunageuka kuanguka.

Kwa mama wetu, basi, kreti moja inakaribia mara tatu ya kikomo chake, tena inatoka sakafuni. Jibu linalokuja haraka kiwandani ni "abebe na mwenzake". Hesabu inalikataa: kilo 22 kwa wawili ni kilo 11 kila mmoja, bado juu ya 8. Kreti nusu nayo ni kilo 11. Kinachofaa ni kuigawa kazi yenyewe. Mtu mwingine apakue kreti mezani, na mama abaki na kisu pamoja na trei za minofu iliyosafishwa, ambazo tuseme zina kilo 5. Trei hizo zinakubalika kwa sasa zikichukuliwa kutoka urefu wa kiuno. Miezi miwili mitatu ijayo, tumbo likiwa limekua na trei ikibebwa mbali zaidi na mwili, itabidi ziondolewe pia. Kwa sababu hiyo barua haiwezi kuandikwa mara moja ikatosha hadi kujifungua.

Kuhusu kusimama, nisitie chumvi. Tafiti zimeona uhusiano kati ya kusimama kwa saa nyingi na kujifungua kabla ya wakati, lakini uhusiano huo si mkubwa, na mama wengi wenye mimba salama hufanya kazi za miguu bila madhara. Shida ya kila siku ni miguu kuvimba, kizunguzungu na maumivu ya mgongo, kwa kuwa damu hutuama miguuni mtu anaposimama pahali pamoja. Kiti kirefu cha kuegemea mezani, kitu cha kuwekea mguu mmoja, na mapumziko mafupi ya kukaa kila baada ya saa mbili hupunguza sehemu kubwa ya adha hiyo. Msimamizi atasema kiti kinazuia njia. Apime njia.

Vyumba vya kugandishia, dawa ya klorini isiyochanganywa bado na maji, na gesi ya amonia inayopoozea mitambo havihitaji mjadala mrefu. Mama huyu asiingie kwenye chemba, asichanganye dawa, na aoneshwe upya njia ya kutokea amonia ikivuja, akiwa kwenye meza yake mpya. Watu huhamishwa meza bila kuoneshwa mlango ulio karibu, na siku ya dharura wanakimbilia mlango waliouzoea.

Zamu ya usiku ina kifungu chake, cha 20. Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi muda huo katika miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari kwamba kazi ya usiku haimfai tena. Hapa linajitokeza suala ambalo barua nyingi hulikwepa. Kila saa ya usiku inalipiwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na kuhamia mchana kunaikata. Hali ni ngumu zaidi kwa wanaolipwa kwa kilo: anayehamishiwa kupanga lebo hana kilo za kuhesabiwa. Mama akiona kipato kinapungua, atarudi kwenye kreti kwa hiari yake, na barua itabaki karatasi. Ndiyo maana naliona suala la malipo kuwa kiini cha barua nzima. Namna iliyo rahisi ni kuchukua wastani wa alichopata miezi mitatu kabla ya mabadiliko na kuulipa kama kiwango chake cha muda.

Kwa mama wetu, aliyeleta kadi ya kliniki inayoonesha wiki 16 na matarajio ya kujifungua tarehe 17 Novemba, barua ingesomeka hivi:

"Ndugu,

YAH: TATHMINI YA HATARI NA MABADILIKO YA MUDA YA MAJUKUMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumepokea taarifa yako ya ujauzito na tunakupongeza. Tarehe 30 Mei tulikagua kazi yako mezani tukiwa nawe, msimamizi wako na mwakilishi wa usalama na afya. Tuliona kwamba unanyanyua kreti za kilo 22 kutoka sakafuni, takribani 15 kwa saa; unasimama zamu nzima; na njia ya kutoka kwenye meza yako hadi kwenye mizani huwa na maji.

Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Juni hutanyanyua, hutavuta wala hutasukuma kreti, zikiwa zimejaa au nusu, peke yako au na mwenzako. Kreti zitapakuliwa mezani na mtu aliyepangwa kwa kazi hiyo kila zamu. Utaendelea kusafisha minofu na kubeba trei zisizozidi kilo 5 kutoka urefu wa kiuno. Hutaingia kwenye chemba za kugandishia, hutachanganya dawa ya klorini, wala hutasafisha sakafu. Umewekewa kiti kirefu kwenye meza namba 2, iliyo karibu na mlango wa dharura, na utapumzika kwa kukaa dakika 15 kila baada ya saa mbili. Unaweza kunywa maji na kwenda chooni wakati wowote. Siku za kliniki hazitakatwa kwenye mshahara.

Utafanya zamu ya mchana pekee. Malipo yako yatakuwa wastani wa kipato chako cha Machi, Aprili na Mei, pamoja na nyongeza ya usiku uliyokuwa ukipata, na hayatapungua kwa sababu ya mabadiliko haya. Cheo, mkataba na muda wako wa utumishi vinabaki kama vilivyo.

Tutakagua tena mpangilio huu tarehe 30 Juni utakapofikisha wiki 20, na tarehe 25 Agosti utakapofikisha wiki 28, au siku yoyote utakapotueleza kwamba kuna kitu kimebadilika. Daktari wako akishauri tofauti, ushauri wake utafuatwa kwanza.

Ukiona damu, maji yakikutoka, ukipata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuachia, kichwa kikali, kuona maluweluwe, au mtoto akipunguza kucheza, acha kazi papo hapo na umwambie mtu aliye karibu. Usafiri wa kiwanda utakupeleka hospitali. Huhitaji ruhusa.

Msimamizi hana mamlaka ya kubadilisha mpangilio huu kwa mdomo, hata kwa siku moja. Ukiombwa kufanya kazi iliyosimamishwa, kataa na utoe taarifa kwa afisa utumishi. Hutachukuliwa hatua yoyote kwa kukataa.

Nakala: wasimamizi wa zamu zote, mwakilishi wa usalama na afya, faili."

Sentensi ya msimamizi na ile ya nakala ndizo zinazoibeba barua hii. Mpangilio mzuri kwa kawaida hufia kwenye makabidhiano ya zamu, pale msimamizi asiyejua anapompanga mtu kama jana, au siku ambayo mzigo wa samaki umezidi na kila mkono unahitajika. Asiyepewa nakala hawezi kulaumiwa kwa kutojua, na mama hawezi kila siku kuanza upya kueleza mwili wake mbele ya wenzake. Wenzake nao waelezwe nani anapakua kreti na kwamba ni kazi iliyopangiwa muda wake. Ikiachwa iwe fadhila ya yeyote aliye karibu, manung'uniko yataanza, na mama ataanza kujinyanyulia mwenyewe ili asiwe mzigo.

Barua kutofanya kazi kunaonekana mapema. Kiti kimesogezwa ukutani na juu yake kuna makoti. Jina la mpakuaji halipo kwenye ratiba ya zamu ya Jumamosi. Stakabadhi ya mshahara wa Juni ni ndogo kuliko ya Mei. Au mama amehamishiwa kazi nyingine kabisa bila mtu kuikagua, mara nyingi jikoni au kufulia, ambako kuna ndoo za maji, joto na mvuke. Kazi mbadala nayo inahitaji kupimwa kama ile ya kwanza. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na zaidi.

Je, kama kiwanda hakina kazi nyingine? Kwanza iulizwe ni kipande gani cha kazi ndicho hatari, kwa kuwa mara nyingi, kama kwenye meza yetu, ni robo tu ya kazi, na ikitolewa mtu anabaki palepale alipo. Kumrudisha mama nyumbani bila malipo siku ileile alipotoa taarifa ni kukwepa swali hilo. Kumwachisha kazi ni kosa kubwa zaidi: sheria inataja ujauzito miongoni mwa mambo ambayo hayawezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na inakataza ubaguzi kwa msingi huo. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Anayengoja hadi ajifungue ndipo alalamike anaweza kukuta muda umempita.

Kuhusu wakati wa kutoa taarifa, kuna mkanganyiko. Sheria inamtaka mama atoe notisi ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti. Kwa mama wetu hiyo ni kufikia tarehe 17 Agosti. Wengi wanaisoma kama siku ya kwanza ya kusema, wakificha tumbo hadi hapo kwa kuogopa kupoteza kazi. Notisi hiyo ni ya likizo tu. Mwajiri asiyejua kuna mimba hawezi kupima chochote, na kufikia Agosti mama huyu angekuwa amenyanyua kreti za kilo 22 kwa miezi sita. Taarifa ya ujauzito inaweza kutolewa mapema zaidi, kwa maandishi ya mistari miwili, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa abaki nayo mwenyewe. Barua isipokuja ndani ya siku chache, aiombe, naye pia kwa maandishi.

Likizo yenyewe anaweza kuianza wiki nne kabla ya matarajio, yaani tarehe 20 Oktoba, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa inahitajika. Ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliye na utumishi wa chini ya miezi sita hapati likizo hiyo yenye malipo, lakini katazo la kazi hatarishi halikuwekewa muda wa utumishi. Linamhusu hata aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Akianza tarehe 20 Oktoba, siku zake 84 zinaisha tarehe 11 Januari, na mtoto aliyezaliwa kwa wakati atakuwa na wiki nane hivi. Hapo viwanda vingi humrudisha mama kwenye kreti asubuhi ileile, kwa hoja kwamba hana mimba tena. Kifungu cha 33 kinamtaja pia anayenyonyesha, na kinampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kano zilizolegea hazikazi siku ya kujifungua, na aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda kinachopona ndani kwa ndani. Siku ya kwanza aliporejea, basi, meza namba 2 ikaguliwe tena, kreti ipimwe tena, na barua ya pili iandikwe ikitaja uzito atakaoanza nao, saa za kunyonyesha, na chumba chenye mlango unaofungwa atakakotumia.